Kibubu hiki, ufunguo wake ukae kwa nani?

*Sehemu mpya ya podikasti yetu ya pesa inatoka Jumamosi hii. Kabla hujaisikiliza, soma kisa cha boksi la mbao na swali dogo lililomshinda kila tuliyemuuliza.*

"Nipigilie misumari, au nikuwekee kufuli?"

Fundi aliuliza huku mkono wake ukiendelea na randa. Tulikuwa Keko, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha mbao ambako makabati na vitanda hupangwa hadi ukingoni mwa barabara. Mbele yake alisimama mama lishe mmoja, kanga imefungwa kiunoni, haraka ya kurudi kwenye masufuria ikionekana usoni. Alikuja kununua kibubu.

Kibubu chenyewe kilikuwa tayari: boksi la mabaki ya mbao, urefu kama wa tofali, na juu tundu jembamba la kupitisha noti iliyokunjwa mara mbili. Kilichobaki kilikuwa ni kifuniko.

"Hebu ngoja kwanza, fundi," alisema mama. "Ukipigilia misumari, mtoto akiugua usiku nitafanyaje?"

"Utavunja."

"Na ukiweka kufuli?"

"Dada yangu, ukiweka kufuli hiyo si akiba tena. Ni mfuko wako wa pili."

Mama alinyamaza. Nami nikanyamaza, maana nilikwenda Keko kutafuta sauti za randa na nyundo za kufungulia kipindi, nikajikuta nimepata kipindi kizima. Swali la fundi ndilo tulilolifuata kwa dakika 40: pesa unayojiwekea, ufunguo wake ukae kwa nani?

Hesabu ya mama lishe

Tuianze hesabu yake, kwa sababu bila hesabu swali hili hubaki la maneno tu.

Anapanga chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Hiyo ni 300,000. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Akitumbukiza 2,000 kila siku ya kazi, mwezi unampa 52,000, na miezi 6 inampa 312,000. Kodi imepatikana, na 12,000 zimebaki. Kwenye karatasi, mambo yamekwisha.

Sasa weka ugonjwa. Mwezi wa 3 umekwisha, kibubuni mna 156,000. Mtoto anashikwa na homa, dawa na vipimo vinataka 35,000. Kibubu ni cha misumari, kwa hiyo kinavunjwa chote. Anatoa 35,000, na 121,000 zinabaki zimetandazwa kitandani.

Wengi tuliozungumza nao walisema kosa liko kwenye zile 35,000. Hapana. Zile zilikuwa lazima zitoke. Angekuwa na kufuli zingetoka vilevile, na mwisho wa miezi 6 angekuwa na 277,000, upungufu wa 23,000 tu. Huo ni kama wiki mbili za kutumbukiza.

Hasara iko kwenye 121,000. Zilikuwa kodi, kibubu kilipovunjika zikawa pesa tu. Muuza mchele anadai, shemeji ana shida, sufuria kubwa limetoboka. Kila moja ni jambo la haki, na kila moja linajua njia ya kufika kitandani.

> "Zilikuwa kodi. Kibubu kilipovunjika, zikawa pesa tu."

Na kuna jambo jingine ambalo mama alilisema taratibu, kama mtu anayeungama. Kwa kuwa anajua cha misumari hakifunguki bila kuvunjwa, hatumbukizi 2,000. Anatumbukiza 1,000, nyingine anaifunga kwenye pindo la kanga "kwa ajili ya lolote". Hilo lolote hutokea kila siku. Jioni pindo ni tupu.

Boksi gumu, basi, linaweza kumfanya mtu aweke kidogo kwa sababu ya ugumu wake. Nilipolisikia hilo nilikumbuka utafiti mmoja wa jirani zetu, na hapo ndipo kipindi kilipobadilika.

Maboksi ya Busia

Wachumi wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio lao magharibi mwa Kenya, eneo la Busia, na kulichapisha mwaka 2013. Walikwenda kwa wanachama wa vikundi vya upatu, wengi wao wanawake, watu waliokwisha kuzoea kuchangishana. Lengo lilikuwa afya: watu wanajua kuwa neti ya dawa na dawa ya kutibu maji vinaokoa maisha, wanavitaka, ila pesa ya kuvinunua haifikii siku ya kununua. Kwa nini?

Kundi moja lilipewa boksi la chuma lenye tundu juu, kufuli, na ufunguo wake. Mtu alijitajia lengo la afya, akaondoka na boksi na ufunguo mkononi. Hakuna aliyemzuia kufungua kesho yake akanunua soda.

Kundi jingine lilipewa boksi lile lile, kufuli lile lile, ila ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi. Mtu akitimiza lengo anamwita afisa, wanafungua pamoja, na pesa inakwenda moja kwa moja kwenye kile alichokitaja.

Kabla hujaendelea, simama kidogo ukisie. Lipi lilifanya kazi zaidi?

Fundi wa Keko alisema la pili, pasipo kusita. Mama lishe alisema la pili. Mhariri wangu naye alisema la pili. Nami nilipoisoma ripoti ile mara ya kwanza nilitarajia hivyo hivyo: ukitaka mtu asiguse, mnyang'anye ufunguo.

Ilikuwa la kwanza. Walioshika ufunguo wao wenyewe waliongeza kiasi walichokitumia kwa afya kwa asilimia 66 wakilinganishwa na wasiopewa kitu. Walionyimwa ufunguo, kwa upande wa neti na maji, hawakuonyesha tofauti ya maana kwa wastani.

> Walioshika ufunguo wao wenyewe waliweka zaidi kwa ajili ya afya. Walionyimwa ufunguo hawakubadilika.

Sababu ni ile ile ya pindo la kanga. Pesa iliyofungiwa neti haiwezi kutoka mtoto akiugua leo. Mwenye akili timamu, akiishi mahali ambapo ugonjwa haupigi hodi, hatafungia pesa nyingi mahali asipoweza kuifikia. Ataweka kidogo, au hataweka kabisa.

Lakini kwa nini boksi lenye ufunguo mkononi lilizuia kitu chochote? Hapa ndipo ninapotaka usikilize kwa makini, maana wale waliokuwa na boksi walieleza wenyewe. Pesa iliyoko mfukoni haina jina. Pesa iliyoko boksini imekwisha kupewa jina. Iko nyumbani, nawe uko sokoni. Kuifuata ni safari. Na ndugu akija na shida ndogo, unaweza kumwambia kweli kwamba huna kitu, kwa kuwa iliyopo ina kazi yake. Kufuli halikuwa la kumzuia mwenyewe. Lilimpa neno la kusema mlangoni.

Wenye ndugu wengi

Msomaji makini ataona kuwa hadithi haiishii hapo. Ukiwatazama wote kwa pamoja, boksi lisilo na ufunguo halikufaa kwa neti na maji. Ukiwatenga wale ambao jamaa na marafiki huwaomba pesa mara kwa mara, picha inabadilika: hao liliwasaidia.

Nawafahamu watu hawa, nawe unawafahamu. Ni yule mtoto mmoja wa ukoo mwenye ajira. Ni dada anayeuza gengeni, ambaye kila anayekosa nauli mtaani huanzia kwake. Kwake kusema "iliyopo ina kazi yake" hakutoshi, kwa sababu anayeomba anajua ufunguo uko wapi. Anahitaji jibu gumu zaidi: ufunguo sina.

Sikuona aibu ndani ya jibu hilo, ingawa mzee mmoja tuliyezungumza naye kwenye kipindi aliona. Kwake, pesa inayofichwa ndugu ni pesa iliyokatwa mizizi. "Leo unamficha yeye boksi," alisema, "kesho ukianguka ataficha jeneza?" Tulibishana naye muda mrefu, na sehemu kubwa ya ubishi huo tumeiacha kama ilivyo. Ana hoja. Kwa familia nyingi hapa kwetu ndugu ndiye bima. Anayeomba leo ndiye atakayechanga siku ya msiba, na anayefunga kila kitu huenda akajikuta peke yake pesa zake zikiisha.

Ufilipino walisema kinyume

Upande wa fundi nao una ushahidi, na haki ni kuusikiliza.

Mwaka 2006 Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walichapisha jaribio lililofanyika kisiwani Mindanao, kusini mwa Ufilipino, na benki iitwayo Green Bank. Wateja 710 walipewa nafasi ya kufungua akaunti isiyotoa pesa mpaka tarehe waliyoitaja wenyewe, au mpaka kiasi walichokitaja kitimie. Riba ilikuwa ile ile ya akaunti ya kawaida. Hawakulipwa chochote cha ziada kwa kufungiwa. Wateja 202 walikubali.

Baada ya mwaka mmoja, akiba za waliopewa nafasi hiyo zilikuwa zimepanda kwa asilimia 81 kuliko za wenzao wasiopewa. Na wengi wa wale 202 walichukua pia kijiboksi cha kuweka nyumbani, ambacho ufunguo wake ulikaa benki. Wakikijaza, walikipeleka dirishani, kikafunguliwa huko.

Mindanao ufunguo ulichukuliwa, na watu wakaweka. Busia ufunguo ulichukuliwa, na watu hawakuweka. Nani kakosea?

Mimi nadhani hakuna aliyekosea, na sababu yangu ni hii. Wale wa Mindanao walijichagua. Karibu watatu kati ya kila wanne walioambiwa habari ile walisema hapana asante. Waliobaki walikuwa watu waliojijua. Isitoshe, wengi walikuwa wakiweka kwa ajili ya sherehe na ada za shule, mambo yenye tarehe. Krismasi haiji mapema. Malaria huja.

Kwa hiyo swali la fundi linapaswa kuanza na jingine: hii pesa ni ya jambo lenye tarehe, au ni ya jambo lisilopiga hodi? Kodi ya mama lishe ina tarehe. Homa ya mwanawe haina. Yeye alikuwa akijaribu kuviweka vyote viwili kwenye boksi moja.

Kufuli tatu za kikoba

Kuna jibu la tatu, ambalo wasomaji wengi wa gazeti hili wanalijua kwa mikono yao. Mwaka 1991, eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo baadaye vilienea Afrika nzima, Tanzania ikiwemo. Chombo chao ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne. Haliwezi kufunguliwa ila siku ya kikao, mbele ya macho ya wote.

Hapo ufunguo hauko kwako wala hauko kwa mgeni. Uko kwa watu wanaokujua, ambao ukiwaambia mtoto anaumwa wanaweza kwenda kumwona. Hata katika jaribio la Busia, waliochangishana kikundini kwa ajili ya afya ndio walioongoza: kiasi walichokitumia kwa kinga kiliongezeka zaidi ya mara mbili.

Udhaifu wake nao haujifichi. Kikao ni mara moja kwa wiki, au kwa mwezi, na ugonjwa hausubiri Jumapili. Mweka hazina akihama, kikundi huyumba. Na aibu ya kushindwa kuchangia mbele ya wenzako imewatoa watu vikundini kimyakimya. Wawili kati yao wamezungumza nasi, na ninaomba uwasikilize bila kuharakisha.

Na simu je?

Simu ni kibubu kisicho na ukuta. Ufunguo wake ni tarakimu 4, uko kichwani, na boksi lenyewe linatembea nawe mpaka sokoni. Ile safari ya kurudi nyumbani iliyowasaidia watu wa Busia haipo tena. Baadhi ya kampuni za simu zina akaunti za kufunga pesa kwa muda, na zipo kwa sababu hiyo hiyo.

Ila simu ina jambo moja ambalo boksi halina: pesa yake haipitwi na noti mpya. Kenya ilipobadilisha noti, ile ya shilingi 1,000 ya zamani ilikoma kuwa halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Kwetu, Benki Kuu ilitoa muda wa tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za zamani. Aliyepigilia misumari na kusahau miaka alikuwa na karatasi. Kama una kibubu cha bibi mahali fulani, ningekichungulia tunduni kwa tochi.

Namna ya kusikiliza

Sehemu hii inaitwa "Ufunguo ukae kwa nani?" Inatoka Jumamosi saa 1 asubuhi, dakika 40. Fungua programu yoyote ya podikasti kwenye simu yako, iwe Spotify au nyingine, andika jina la sehemu kwenye nafasi ya kutafuta, kisha bonyeza alama ya kupakua kabla ya kubonyeza ya kucheza. Ukiipakua, utaisikiliza kwenye daladala bila kula bando. Ina ukubwa wa megabaiti 20 hivi, kwa hiyo kama kuna waifai kazini, ipakue Ijumaa inayofuata ukikosa wikiendi hii. Asiye na programu amwombe mwenye nayo amtumie kiungo kwa WhatsApp.

Usiisikilize yote kwa mpigo. Tumeigawa katikati kwa kengele. Kengele inalia dakika ya 18, mara tu baada ya kuyaeleza maboksi mawili ya Busia na kabla ya kusema lipi lilishinda. Wewe uliyesoma makala hii unajua jibu. Msikilizishe mtu asiyejua, simamisha hapo, na umuulize. Tumeona majibu yanatofautiana hata kati ya mume na mke waliokaa kiti kimoja, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko kipindi.

Ukishasimamisha, fungua ujumbe wa miamala ya simu yako na urudi nyuma siku 7. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Kushoto andika pesa zilizotoka kwa mambo yenye tarehe: kodi, ada, marejesho, mchango wa harusi. Kulia andika zilizotoka kwa mambo yasiyopiga hodi: dawa, nauli ya ghafla, ndugu aliyepiga simu usiku. Usiandike sababu, andika kiasi tu. Jumlisha kila upande.

Upande wa kushoto ukiwa mkubwa, anza nusu ya pili kwa sauti ya fundi, dakika ya 19. Wa kulia ukiwa mkubwa, ruka hadi dakika ya 27, kwa mama lishe, kisha urudi. Sehemu zote mbili zinajitegemea. Na zikilingana, basi uko pale alipokuwa yeye siku ile Keko.

Mwisho wa Keko

Alichukua viwili. Fundi alimpigilia kimoja misumari, kikubwa, kwa ajili ya kodi, na tulikubaliana kuwa humo iingie 1,500 tu kwa siku. Akaona itabidi auze uji pia asubuhi ili kodi itimie. Kidogo aliwekewa bawaba na kitasa cha kufuli kwa ajili ya watoto, humo iingie 500.

Kufuli alilinunua duka la vifaa la ng'ambo ya barabara. Lilikuja kwenye karatasi ngumu, na nyuma yake funguo mbili zimeunganishwa kwa waya mwembamba. Alizitenganisha kwa meno. Mmoja akaufunga kwenye pindo la kanga.

Wa pili aliushika mkononi kwa muda, akiugeuzageuza. Fundi alimtazama, nami nikasogeza kinasa sauti karibu. Jina alilolitaja lipo dakika ya 38. Kabla hujafika hapo, chukua ile karatasi yako, na chini ya mstari uandike jina la mtu ambaye wewe ungempa.